Kuendesha gari la umeme kwa pedali moja: ngazi za kuvuna umeme na namna ya kuuzoeza mguu

Mama alipopanda gari langu la umeme mara ya kwanza, hatujafika mbali akaniuliza, "Mwanangu, gari hili lina kwikwi?" Lilikuwa linamrusha mbele na nyuma kila nilipokaribia makutano. Gari halikuwa na tatizo. Mguu wangu ulikuwa umezoea miaka mingi ya petroli: ukitaka kupunguza mwendo, unaachia mafuta yote kwa mara moja, kisha unahamia breki. Kwenye gari la umeme lililowekwa ngazi ya juu ya kuvuna, kuachia yote kwa mara moja ni sawa na kukanyaga breki ghafla, na abiria ndiye anayeisikia.

Naandika hapa nikiwa na Nissan Leaf ya kizazi cha pili, ile iliyoanza kuuzwa Japani Oktoba 2017, ya betri ya uniti 40. (Uniti ni ileile ya LUKU, yaani kilowati-saa moja.) Kizazi hicho ndicho kilicholeta kitufe cha e-Pedal, cha kuongeza mwendo na kusimama kwa pedali moja. Magari mengine nitayagusa kidogo, kwa sababu vitufe vinatofautiana ila mguu unajifunza jambo lilelile.

Kinachotokea ukiachia pedali

Kama uliwahi kuendesha baiskeli yenye dainamo, unalijua tayari. Ukiibana dainamo kwenye tairi, taa inawaka, na papo hapo baiskeli inakuwa nzito miguuni. Uzito ule ndio bei ya mwanga. Mota ya gari la umeme inafanya hivyohivyo: ukikanyaga pedali inakula umeme na kuzungusha magurudumu, ukiachia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha mota, inageuka dainamo na kurudisha umeme kwenye betri. Uzito wa dainamo ndio unaopunguza mwendo.

Ni umeme kiasi gani? Gari langu likiwa na watu wawili lina kama kilo 1,700. Likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, mwendo huo umebeba nishati ya uniti 0.066. Kwa matumizi ya uniti 15 kwa kilomita 100, hiyo ingetosha kusukuma gari kama mita 440. Lakini kila umeme unapotoka kwenye gurudumu kwenda mota na kwenda betri, kisha kurudi njia ileile, kuna kiasi kinachopotea kwa joto. Ukisimama kwa upole kutoka kilomita 60, tarajia kurudishiwa umeme wa kama mita 300, pengine pungufu.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba kuvuna hakukupi faida. Kunakupunguzia hasara. Ukiona foleni mbele na ukaliacha gari liserereke lenyewe bila kuvuna wala kusukuma, unatumia nishati yote kusonga mbele, wala haipiti kwenye betri na kukatwa njiani. Kwa hiyo anayekwambia ngazi ya juu kabisa ndiyo inayokwenda mbali zaidi daima, hajapima. Ngazi ya juu inafaa pale ambapo lazima ungepunguza mwendo kwa vyovyote.

Ngazi zenyewe

Kwenye Leaf ya kizazi cha pili, ukiwa D, ukiachia pedali gari linavuna kidogo, karibu na hisia ya gari la petroli la otomatiki. Ukivuta gia mara ya pili unaingia B, uvunaji unaongezeka na utausikia kifuani. Kitufe cha ECO kinailegeza pedali ili gari lisirukie mbele, na kinaongeza uvunaji kidogo. Kisha kuna e-Pedal. Hiyo inapunguza mwendo zaidi, inasimamisha gari kabisa, na inalishikilia hapo hata mlimani bila mguu wako kugusa breki. Leaf za kizazi cha kwanza hazina e-Pedal, ila nyingi za kuanzia 2013 zina B.

Hyundai Kona ya umeme inatumia vibawa viwili nyuma ya usukani: cha kushoto kinaongeza ngazi, cha kulia kinapunguza, kuanzia 0 hadi 3. Ukikishikilia cha kushoto, gari linapunguza mwendo hadi kusimama.

Na breki ya kawaida je? Hapa wengi wanakosea. Kwenye Leaf, ukikanyaga breki kwa upole, kompyuta kwanza inaongeza uvunaji, na pedi zinaingia pale tu unapotaka zaidi ya ambacho mota inaweza. Maana yake dereva mpole wa D anavuna karibu sawa na dereva wa e-Pedal. Yako magari mengine ambayo pedali ya breki inabana pedi peke yake. Kwenye hayo, kila unapogusa breki umeme unageuka joto, na ngazi ya juu ina maana kubwa. Kujua la kwako ni la aina gani, nenda kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenye barabara tupu, achia pedali, kisha gusa breki kidogo sana huku abiria wako akitazama mshale wa umeme kwenye dashibodi. Ukizama zaidi upande wa kuchaji, breki yako inavuna. Ukibaki palepale, haivuni.

Somo la kwanza: uwanjani

Tafuta uwanja mpana au eneo la maegesho lisilo na watu, asubuhi ya Jumapili. Kabla ya kitu chochote rekebisha kiti. Kisigino cha mguu wa kulia kiwe chini, mbele ya breki, na ncha ya mguu iweze kuzunguka kwenda kwenye pedali ya mwendo bila kisigino kunyanyuka. Kuendesha kwa pedali moja ni kazi ya kifundo cha mguu. Anayenyanyua mguu mzima hawezi kuachia milimita mbili, atajikuta ameachia zote.

Siku hiyo usiwashe e-Pedal. Weka B, nenda kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kisha achia pedali polepole ukihesabu moja, mbili, tatu hadi iishe. Katikati ya safari ya pedali utapata mahali ambapo gari halisukumi wala halivuni, mshale uko katikati kabisa. Mahali hapo ndipo gari linapoteleza bure. Rudia mpaka mguu upajue bila kutazama dashibodi. Mimi ilinichukua kama nusu saa, na naamini ndiyo nusu saa yenye thamani kuliko nyingine zote. Baada ya hapo, pedali huioni tena kama kitu cha kukanyaga na kuachia. Inakuwa kama koki ya maji, upande mmoja ni kusukuma, upande mwingine ni kuvuta, na katikati kuna utulivu.

Ukishapajua, washa e-Pedal na uhakikishe taa yake imewaka kwenye dashibodi. Sasa pima umbali wa kusimama. Ikiachiwa yote, e-Pedal ya Leaf inapunguza mwendo kwa nguvu isiyozidi 0.2 ya mvutano wa dunia. Kwa hesabu, kutoka kilomita 30 utahitaji kama mita 18, yaani hatua 25 za mtu mzima. Weka ndoo tupu hapo, anza kuachia ukiwa umbali huo na uone unaishia wapi. Mara ya kwanza wengi husimama mapema mno kwa kuwa wameachia yote kwa woga, kisha wanalazimika kukanyaga tena kusogea. Hiyo ndiyo kwikwi aliyoisema mama. Dawa yake ni kuanza mapema na kuachia kidogo, na ukikaribia kusimama urudishe mguu chini kiasi cha unywele ili mita ya mwisho iwe laini.

Usiondoke uwanjani bila zoezi la mwisho. Nenda kilomita 40, mwenzako aseme "breki!" bila kukuonya, na wewe ukanyage breki ya kweli kwa nguvu zote. Rudia mara tano. Kutoka kilomita 50, e-Pedal peke yake inahitaji kama mita 49 kusimama. Breki ya kweli kwenye lami kavu inahitaji kama mita 12, ukiacha umbali unaokwenda kabla mguu haujafika. Mtoto akikatiza barabara, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Hatari ya pedali moja ni kwamba mguu unasahau njia ya kwenda kwenye breki, na aliyesahau akishtuka anakanyaga kile kilicho chini ya mguu wake, yaani pedali ya mwendo. Nalirudia zoezi hili kila baada ya miezi michache, na kila ninayemfundisha namlazimisha alifanye.

Somo la pili: mitaani

Ngamiani, hapa Tanga, ni shule nzuri kwa jambo hili. Barabara zake za namba zimepangwa sambamba, na kila baada ya hatua chache kuna makutano. Nilikuwa napita kwenye barabara hizo jioni, kilomita 25 hadi 30, nikijaribu kufika kila makutano bila kugusa breki na bila gari kusimama mapema. Wiki ya kwanza baki na B, maana haisimamishi gari kabisa na mita za mwisho unamaliza kwa breki. Hivyo mguu unaendelea kuikumbuka njia. Wiki ya pili washa e-Pedal.

Kuna mambo mawili ya kuangalia mitaani. La kwanza ni aliye nyuma yako. Gari linapopunguza mwendo kwa nguvu kwa kuvuna, kompyuta inawasha taa za breki hata kama hujagusa breki. Kanuni za kimataifa zinalazimisha taa ziwake pale upungufu wa mwendo unapozidi mita 1.3 kwa sekunde kwa kila sekunde, na chini ya 0.7 haziruhusiwi kuwaka kwa kuvuna peke yake. Hapo katikati mtengenezaji anaamua. Kwa hiyo kwenye ngazi ya chini unaweza kupunguza mwendo taratibu huku bodaboda aliye nyuma haoni taa yoyote. Usiku, mwombe mwenzako akufuate kwa mbali na akueleze ni wakati gani taa zako zinawaka.

La pili ni matuta na zile rasta za vijijini. Ukipita juu ya tuta huku gari linavuna kwa nguvu, gurudumu la mbele linaruka na kukosa mshiko kwa muda mfupi. Kompyuta inakata uvunaji ili gurudumu lisibane, na wewe unasikia kama gari limejisukuma mbele. Linashtua, hasa kama ulikuwa unaitegemea e-Pedal ikusimamishe kabla ya kivuko kilicho mbele ya rasta. Punguza mwendo kabla ya tuta, ukifika juu yake rudisha mguu katikati ili magurudumu yapite yakiwa huru. Ukihitaji zaidi, breki ipo.

Kwenye barabara ya udongo baada ya mvua, zima e-Pedal na urudi D. Leaf inavuna kwa magurudumu ya mbele tu, hayohayo yanayokata kona. Ukiachia yote ghafla kwenye kona ya utelezi, unayapa kazi mbili kwa wakati mmoja, na gari litataka kwenda moja kwa moja.

Mteremko mrefu: Lushoto kwenda Mombo

Hapa ndipo uvunaji unapoonekana kwa macho. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Mombo iko chini kama mita 950 kutoka hapo, na kati yake kuna kama kilomita 33 za kona kupitia Soni. Gari la kilo 1,700 likishuka mita 950 linaachia nishati ya uniti 4.4. Msuguano wa matairi unakula kama uniti 1.5, na upepo, kwa mwendo wa kilomita 40, chini kidogo ya nusu uniti. Zinabaki kama uniti 2.4 ambazo lazima ziende mahali fulani, la sivyo gari litazidi kukimbia.

Zikipita kwenye mota, kati ya uniti moja na nusu na mbili zinaingia kwenye betri. Kwa betri ya uniti 40 unafika Mombo na asilimia 4 hivi zaidi ya uliyoondoka nayo. Zikipita kwenye pedi, zote zinageuka joto kwenye diski, joto linalotosha kuchemsha ndoo nzima ya lita 20 na maji mengine juu yake. Ndiyo maana kwenye milima ile unasikia harufu ya breki za malori na mabasi.

Sasa mtego. Nyumba ya wageni wanakuruhusu uchomeke gari usiku, unaamka asubuhi betri iko 100. Unafurahi, unaanza kushuka, na betri haina pa kuweka kitu. Kwa kweli inaanza kukataa kabla haijajaa kabisa. Ukiwa B, utaona gari limekuwa jepesi na linakimbia kuliko jana, na hiyo inakuonya. Ukiwa e-Pedal, huenda usihisi tofauti yoyote, kwa sababu gari linaziba pengo kwa kubana pedi lenyewe. Mguu umetulia, gari linapungua mwendo vizuri, na diski zinachemka bila wewe kujua. Alama pekee ni mshale wa umeme: umeachia pedali kwenye mteremko mkali, lakini mshale haushuki upande wa kuchaji kama kawaida.

Kwa hiyo aliyelala Lushoto achaji hadi asilimia 85 hivi, zinabaki kama uniti 6 za nafasi na mteremko wote unahitaji mbili. Kama imeshajaa, zunguka kwanza mjini, panda kuelekea Magamba, uipunguze. Betri iliyochemka kwa safari ndefu na kuchaji mfululizo nayo inaweza kupokea kidogo, na betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, kwa hiyo ipumzishe kabla ya kushuka.

Wakati wa kushuka mimi natumia B na kuiacha e-Pedal. Mteremko unahitaji mwendo ulio sawa, na kwa e-Pedal nalazimika kushikilia pedali katikati kwa kilomita 33, mguu unachoka na gari linayumba mwendo. Kwa B naachia zaidi, na kabla ya kona kali naongeza breki kidogo, ambayo nayo inavuna. Mshale ukibaki chini na kasi ikibaki palepale, mambo ni sawa. Ukisimama Soni, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Joto la kawaida halina neno, ila gurudumu moja likiwa la moto sana kuliko mengine, pedi zake hazijaachia.

Breki zisizotumika zinaoza

Hili ni la wakazi wa pwani zaidi. Mota ikifanya kazi yote, diski hazifutwi na pedi, na hewa ya chumvi haina huruma. Baada ya miezi kadhaa ya pedali moja nilianza kusikia mkwaruzo asubuhi, ambao kwanza uliisha baada ya makutano mawili, kisha ukawa hauishi. Diski za nyuma zilikuwa na ukanda wa kutu upande wa ndani, mahali ambapo kwa nje huoni. Fundi alizisafisha na kuzipaka grisi pini ambazo kaliperi, yaani kifaa kinachozibana pedi, inatelezea, maana zilikuwa zimeanza kushika.

Tangu hapo, mara moja kwa wiki na kila baada ya kuosha gari, natafuta barabara tupu iliyonyooka, nazima e-Pedal, nafika kilomita 50 na kuweka N. Kwenye N mota haivuni, kwa hiyo breki yote inakuwa ya pedi. Nakanyaga kwa uthabiti hadi kilomita 10, narudisha D, narudia mara tatu au nne. Usifanye hivyo mteremkoni wala kwenye msongamano. Na ukipeleka gari kwa fundi, usikubali aangalie unene wa pedi tu, kwa sababu za gari la umeme zinaweza kuwa nene kama mpya na bado zimeganda. Mwambie avue gurudumu, aisukume kaliperi kwa mkono aone kama inateleza, na amulike upande wa ndani wa diski kwa tochi.